Kijiti, kofia na choki ya bluu: kisa cha watoto wawili wenye ualbino shuleni kwetu

Mahali na watu

Shule ni ya msingi, ya serikali, mashariki mwa Uganda si mbali na mpaka wa Kenya, mji ambao Kiswahili ndo lugha ya soko na ya boda boda. Jina sitalitaja, na watoto nimewabadilishia vitu kidogo ili wasitambulike. Wako wawili, ndugu wa tumbo moja, wote wana ualbino. Binti yuko P4, yaani darasa la nne, hapa nitamwita Dada. Mdogo wake yuko P1, nitamwita Dogo. Mimi nafundisha P4 na ndo nimebebeshwa mambo ya watoto wenye mahitaji maalum, maana niliwahi kwenda semina ya siku mbili na hapa kwetu hiyo inatosha kukufanya mtaalamu.

Mazingira yenyewe: majengo mawili ya mabati yanatazamana, katikati uwanja wa mchanga, upande wa jikoni kuna mwembe mmoja mkubwa wa zamani, halafu mikaratusi imepangwa kando ya barabara. Uji ni saa nne na nusu, posho, yaani ugali, na maharagwe ni saa saba. Hizo saa zishike, tutazirudia.

Kilichotuamsha

Mwezi wa pili, jumatatu moja, mgeni alikuja na paredi ya asubuhi ikawa ndefu mpaka inakaribia saa nne. Siku hiyo hiyo jikoni wakachelewa, P1 wakapangwa foleni kwenye mchanga wakisubiri posho kama nusu saa hivi. Dogo alikuwa na kapelo yake ya shule, ile yenye mdomo wa mbele tu. Mchana hakulalamika kitu, alikula, akacheza, akaenda nyumbani.

Kesho yake mama akaja naye mkononi. Kisogo chekundu, juu ya masikio kuna malengelenge yamejaa maji. Hakupiga kelele, aliniambia tu, "Mwalimu, mimi namleta asome, nyie mnanichomea." Sikuwa na jibu, nikamsindikiza mpaka kituo cha afya.

Mambo mawili nilijifunza hapo. Moja, ngozi iliyoungua na jua haisemi saa hiyo, wekundu unapanda baada ya masaa kadhaa na unafika kileleni siku ya pili, kwa hiyo kumuuliza mtoto "unaungua?" pale kwenye foleni ni kazi bure. Ngozi ya Dogo ina melanini kidogo sana, haizoei jua wala haifanyi weusi ikachomwa mara nyingi, inaungua tu upya kila mara na madhara yanajumlishana. Pili, malengelenge yalichora ramani ya kapelo. Paji na pua salama, masikio na kisogo vimekwisha. Yaani ile kofia tuliyomnunulia ilikuwa imefunika nusu ya kazi na sisi tukajipongeza.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini ulitufia mkononi

Kwenye kikao cha walimu tukaamua haraka: hao wawili wakae darasani saa ya uji na saa ya chakula, waletewe. Sababu ilikuwa rahisi, tulikuwa na hofu, hatukutaka malengelenge mengine, na darasa lina paa.

Wiki mbili zikapita ndo nikaona. Dada akaanza kusema hana njaa. Kumbe aliyekuwa anamletea sahani alikuwa anamwambia yeye si mtumishi wake. Wenzake wakaanza ati "mzungu anakulia ofisini". Dogo naye kwa sababu ni mdogo alikuwa anatoroka dirishani anaenda kucheza, bila kofia, maana kofia inabaki kwenye begi. Kwa hiyo mkubwa tumemtenga, na mdogo anapigwa jua kama zamani.

Hapo nikamwomba mkuu aniachie kipindi kimoja kwa wiki cha P4 pamoja na P1, dakika 40, tufanye michezo ya jua na darasa zima. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mtoto wa miaka 6 hamsikilizi mwalimu aliyeko ofisini, anamsikiliza mwenzake anayekimbia naye. Kama watoto wote wanajua lini kukimbilia kivulini na kivuli gani, Dogo ataenda kwa sababu wote wanaenda.

Mchezo wa kijiti

Tulikata kijiti sawasawa na rula ya ubaoni, mita 1 juu ya ardhi, tukakisimika katikati ya uwanja. Kazi ya watoto ni kukisia kivuli kitafika wapi, wanaweka kokoto, halafu tunapima. Kanuni ni moja tu: kivuli kikiwa kirefu kuliko kijiti, cheza, kikiwa kifupi kuliko kijiti, jua limekuwa kali, ingia kivulini. Mtoto hahitaji hata kijiti, anaangalia kivuli chake mwenyewe.

Vipimo vya katikati ya mwezi wa tatu, takriban, vilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi kivuli mita 1 na sentimita 60. Saa nne, sentimita 94, yaani kimeshakuwa kifupi kuliko kijiti. Saa ya uji kama 72. Halafu saa saba, pale pale kwenye foleni ya posho, sentimita 5. Watoto wa P1 walipiga kelele, "Kivuli kimeibiwa!" Saa kumi jioni kikarudi kikapita mita moja kidogo.

Hicho cha saa saba kilitushangaza hata sisi walimu maana tumezoea kusema jua la utosi ni saa sita. Kwa saa za kwetu sivyo. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ambao uko mbali kule upande wa Mogadishu, sisi tuko kwenye digrii 34 hivi, kwa hiyo jua linachelewa kutufikia kichwani karibu dakika 45 na mwezi wa tatu linachelewa zaidi kidogo. Ukitazama ratiba yetu utaona tulikuwa tumepanga foleni ya chakula kwenye dakika ile ile ambayo jua liko juu kabisa. Ungetaka kuchagua saa mbaya zaidi usingeipata.

Sasa kosa la kipindi cha kwanza, nacheka lakini haichekeshi: nilifundisha usalama wa jua saa tano, uwanjani, dakika 40, Dada na Dogo wakiwa mstari wa mbele juani. Mwalimu mwenzangu ndo alinivuta pembeni. Kuanzia wiki ya pili tukabadilisha. Kijiti kinabaki juani, watoto wote wanakaa chini ya mwembe, wawili wawili wanakimbia kukata kamba sawasawa na kivuli na kuirudisha. Dada ndo anapima kamba kwenye rula na kuandika. Hiyo ilitatua na jambo la macho pia, maana ualbino unakuja na uoni hafifu, macho yanachezacheza na mwanga mkali unamkata kabisa, alikuwa hawezi kusoma rula ya mtu mwingine kutoka mbali. Kamba ikiwa mkononi mwake, inchi chache kutoka usoni, hakuna anayemshinda. Ikatokea hata wenzake wakimaliza kukisia wanasema "tungoje Dada apime."

Kivuli cha kweli na kivuli cha uongo

Watoto walipoanza kukimbilia kivulini, wengi walikimbilia mikaratusi kwa sababu iko karibu na goli. Nikawapa kila jozi karatasi moja nyeupe ya daftari, waishike bapa chini ya mti wahesabu vidoa vya jua vinavyoangukia. Chini ya mkaratusi wakaacha kuhesabu, vilikuwa vingi na vinacheza. Chini ya mwembe karibu na shina, sifuri. Pembeni mwa mwembe, vitano sita. Chini ya paa la darasa saa saba ilikuwa ajabu nyingine: jua likiwa juu, kivuli cha ukingo wa paa ni kile kipande cha upana wa paa tu, mtoto akinyoosha miguu imeshatoka nje. Asubuhi upande wa magharibi wa jengo una kivuli kizuri kirefu, jioni unahamia mashariki, lakini saa ile unayokihitaji zaidi hakipo kokote.

Tukaongeza sharti la pili baada ya karatasi: inua kichwa, unaona mbingu nyingi? Maana miale inayochoma haiji kutoka kwenye jua lenyewe peke yake, inatawanyika angani inakuja kutoka kila upande wa mbingu iliyo wazi, na siku ya mawingu mepesi bado inapita. Mwavuli mmoja katikati ya uwanja unakupa ubaridi na bado unaungua taratibu. Kwa hiyo kivuli kizuri kwetu ni: karatasi haina vidoa, na ukitazama juu na pembeni unaona majani kuliko mbingu.

Mchezo wenyewe ulikuwa ngoma ikilia mnazunguka, ikinyamaza mnakimbilia kivuli cha kweli, wa mwisho anatoka. Wa mwisho alikuwa Dada mara tatu mfululizo, na mara ya tatu alijikwaa kwenye mzizi wa mwembe akachubuka goti. Mtu asiyeona vizuri umbali unampa mashindano ya mbio kwenye mizizi, hiyo ni akili gani, nilijiuliza baadaye. Tukapaka mizizi chokaa, tukaondoa kutolewa, na wakawa wanakimbia wawili wakishikana kamba fupi. Jozi ikifika inajieleza kwa nini kivuli hiki ni cha kweli. Watoto wa mbio walilalamika kidogo ati mchezo umepoa. Ni kweli ulipoa, na nikauacha hivyo.

Kofia

Hapa nitakuwa mfupi. Sheria ya yunifomu ilikuwa inakataza kofia yoyote isiyo kapelo ya shule. Watoto wakasimama wawili wawili saa tano, sasa wakiwa ukingoni mwa kivuli, mmoja anasoma kivuli cha kofia ya mwenzake kimefunika wapi: paji, pua, mashavu, masikio, kisogo. Kapelo ilipata paji na pua. Kofia ya majani ya mtende ya bibi mmoja jirani, yenye ukingo mpana kuzunguka kote kama kiganja cha mtu mzima, ilipata vyote vitano. Mkuu alikuwa amesimama pale anaangalia, sheria ikalegezwa wiki hiyo, kwa watoto wote, sio kwa wawili tu, na hilo nililiombea sana maana kofia ikivaliwa na wawili inakuwa alama ya kuwatambua.

Kipindi cha ufundi wakasuka zao. Nyingine zilikuwa na matundu, ukiinua juani unaona nyota, hizo tukashona kitambaa cha giza kwa ndani. Tatizo halikuwa ususi, lilikuwa kubadilishana. Nilianzisha mchezo wa kupokezana kofia mkizunguka, baada ya wiki tatu P1 mapunye yakatembea vichwani. Nikaufuta mchezo huo siku ile ile, kila kofia ikaandikwa jina kwa ndani.

Choki ya bluu, na kosa langu kubwa

Kwenye losheni ya jua ndo niliharibu vibaya. Tulikuwa na chupa mbili za SPF 30, msaada, za kuwatosha Dada na Dogo kwa muda tu. Nilitaka darasa zima lijifunze kupaka, siwezi kuimwaga kwa watoto zaidi ya 100. Nikanunua mafuta ya mgando ya kawaida, kopo kubwa, tukafanya mashindano: jozi inapakana, mwalimu anakagua sehemu zilizosahaulika. Ilipendeza sana, kelele na vicheko.

Jumapili moja mama akampaka Dogo mafuta ya mgando tu, kichwa mpaka mguu, akaenda naye sokoni. Akarudi ameungua shingo na juu ya miguu. Nilipomuuliza akashangaa, "Si ndo mnayopaka shuleni? Dogo mwenyewe alinionyesha." Na alikuwa sahihi, Dogo alichoona shuleni ni kopo lile. Mafuta ya mgando yanalainisha ngozi lakini hayazuii jua. Mimi ndo niliyemfundisha vibaya kwa mikono yangu.

Nilienda nyumbani kwao nikaomba radhi na kueleza upya. Halafu nikatafuta kitu cha mazoezi ambacho hakuna mtu atakiita dawa ya jua. Unga wa muhogo na maji nilijaribu, unaonekana vizuri, lakini mtoto mmoja alijipaka uso mzima akaanza kuigiza "mimi ni mzungu wa P1", darasa likacheka, Dogo hakucheka. Nikaumwaga hapo hapo. Mwisho nikasaga choki ya bluu kwenye maji, ikawa uji mwembamba. Inaonekana kwa ngozi yoyote, inatoka kwa maji, na hakuna mama atakayempaka mwanawe bluu akaenda sokoni. Usoni hatuiweki, macho yatawasha, uso unafanywa kwa maji matupu.

Bluu inafichua ukweli. Karibu kila jozi ilisahau sehemu zile zile: juu ya masikio na nyuma yake, kisogo, mgongo wa kiganja, na juu ya mguu pale kandambili haifuniki. Sehemu mbili za kwanza ndo zile zile za malengelenge ya mwezi wa pili. Wakishaona, tukafundisha losheni ya kweli kwa Dada na Dogo pembeni kwa faragha: kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo, dakika 20 kabla ya kutoka, kurudia kila baada ya masaa mawili ukiwa nje, midomo usisahau, chupa isikae dirishani juani na tarehe isomwe. Na losheni inakuja mwisho, baada ya kivuli, kofia na mikono mirefu, kwa sababu ndo pekee inayoisha.

Ilivyoishia

Foleni ya posho ilihamia chini ya mwembe kuanzia mwezi wa tatu mwishoni. Sufuria zikabebwa kwenda kwa watoto badala ya watoto kuja kwa sufuria, wapishi walinuna wiki moja. Paredi ikawa fupi, isipokuwa ijumaa, hapo bado tunagombana. Dada alirudi kula na wenzake. Malengelenge hayakurudi shuleni mpaka mwisho wa muhula wa pili, ila wekundu niliuona mara tatu, zote jumatatu asubuhi, yaani ni wa wikendi.

Tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, tuliwaita wazazi watoto wawaonyeshe. Kijiti kikatuaibisha mbele ya watu. Saa saba watoto wakakisia karibu na sifuri kama walivyozoea, kivuli kikawa sentimita 42 na kimelala upande wa kusini. "Ticha, kijiti kimeharibika!" Kilikuwa kizima, jua la Juni limehamia kaskazini yetu. Kidogo nipanike, halafu mtoto mmoja wa P4 akasema bado ni kifupi kuliko kijiti, twende mwembeni, wakaenda. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, alikuwa katikati ya hotuba juani, akabaki anaongea na viti.

Nikitazama nyuma

Kilichofanya kazi zaidi ni kijiti, na sababu naiona wazi: kinatoa jibu lile lile kwa kila mtoto, hakimtaji mtu. Kanuni ya kivuli kifupi haisemi "nyie wawili ingieni", inasema kwa wote, na mtoto wa P1 anaipima mwenyewe bila saa wala mwalimu. Vilevile kilibadilisha ratiba, kitu ambacho maneno yangu kwenye kikao hayakuweza. Mkuu alikataa hoja yangu ya kuhamisha foleni, akaikubali sentimita 5.

Siwezi kusema michezo peke yake ndo iliondoa malengelenge. Kuhama kwa foleni kulipunguza jua la Dogo kila siku hata angekuwa hajui mchezo wowote, na mwezi wa tatu mvua zilianza watoto wakawa ndani zaidi. Ukitaka kuiga kwetu, anza na foleni, michezo iwe ya pili.

Kilichofeli ni nyumbani na sokoni. Mama anauza nyanya mezani, mwavuli mmoja, mbingu wazi pande zote, Dogo pembeni yake siku nzima ya jumapili. Tulimpa kamba ya mita 1 na anaitumia, lakini kujua kwamba kivuli ni kifupi hakukupi mahali pa kwenda kama meza iko pale. Mpaka sasa tulichopata ni kwamba jirani mwenye duka la mabati anamruhusu akae ndani kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Inategemea hisani ya mtu mmoja.

Losheni iliisha mwezi wa saba na haikupatikana nyingine kwa wiki tano, bei yake dukani mama haiwezi. Wiki hizo tano kofia na mwembe ndo vilibeba.

Jambo moja sikuligeuza mchezo na nashukuru: kukagua ngozi. Watoto walitaka wakaguane kama kwenye choki. Nilikataa, hiyo naifanya mimi na mama, mara moja kwa mwezi, mlango umefungwa, tunatafuta kidonda kisichopona zaidi ya wiki nne au kipele kigumu chenye magamba, na tukikiona ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mara moja tulienda kwa ajili ya mdomo wa chini wa Dada, ulikuwa umepasuka tu, ukapona.

Kofia ya Dogo imeshakuwa ndogo, Dada anamsukia nyingine. Kijiti kiliwa na mchwa likizo, sasa tunatumia kipande cha bomba la chuma, mita 1 juu ya ardhi, tumekichimbia na saruji ili P7 wasikifanye goli.